Kanzu Hufunguka Wapi

Fundi mmoja wa Nyakiriba, kando ya barabara inayoteremka kutoka Musanze kwenda Gisenyi, hakujifunza kanzu kwa kuzishona. Alijifunza kwa kuzifumua. Kazi iliyompa ugali ilikuwa sare za shule, na kanzu zilimfikia zikiwa zimekwisha kuumia: moja imefunguka chini ya kwapa, nyingine mfuko umening'inia, ya tatu shingo imepasuka pale mpasuo wa kifuani unapoishia. Wenyewe walizileta siku chache kabla ya Idi wakiwa na haraka, na wengi walitaka jambo dogo tu: "Fundi, nipitishie uzi hapa."

Angeweza kupitisha uzi na kupokea malipo yake. Yeye alikuwa na tabia ya kufungua mshono mrefu zaidi ya ule ulioharibika, akitumia wembe, kisha kuilaza nguo juu ya karatasi ya mfuko wa saruji na kufuata kingo zake kwa chaki. Baada ya muda alikuwa na rundo la michoro ya kanzu za watu mbalimbali: za dukani zilizoshonwa viwandani, zilizotoka Uganda, na chache za mwambao. Aliponidokezea alichogundua katika rundo lile, alinyoosha vidole vitatu. Kanzu, alisema, haichaniki ovyo. Hufunguka kwapani, mdomoni mwa mfuko, na mguuni mwa mpasuo wa shingo. Kwingineko kitambaa huchakaa kwa uzee wake tu.

Michoro ilionyesha pia sababu. Kanzu nyingi za kiwandani zilikatwa kama shati: tundu la mkono ni la mviringo, mkono umechongwa kilima juu, mshono wa ubavu unakutana na mshono wa mkono katika nukta moja chini ya kwapa. Mvaaji akiinua mikono kwa takbira, nguvu yote ya kitambaa huvutwa kuelekea nukta ile. Ikiwa kanzu ni pana sana haitachanika, ila itapanda yote hadi katikati ya muundi. Ikiwa imebana, uzi utakatika, na uzi usipokatika kitakatika kitambaa kando yake, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu halirekebishiki bila kiraka.

Mzee mmoja wa Majengo, mjini Gisenyi, ndiye aliyemletea jibu bila kujua. Alikuja na kanzu kuukuu aliyosema ilishonwa Unguja, akitaka ifupishwe kwa ajili ya mjukuu. Ilikuwa imefubaa, shada la shingoni limebaki nyuzi mbili tatu, lakini kwapani ilikuwa nzima. Fundi aliigeuza ndani nje. Hakukuta mviringo wowote isipokuwa wa shingo. Badani, yaani kipande kikubwa cha mbele na nyuma, kilikuwa kitambaa kimoja kirefu kilichokunjwa begani bila mshono. Ubavuni zilipachikwa taharizi, vipande vyembamba juu na vipana chini, vinavyoipa kanzu upana wa kutembelea. Mikono ilikuwa mistatili iliyopunguzwa kidogo kuelekea kiganja. Na pale mkono ulipokutana na badani palikuwa na kikwapa, kipande cha mraba kilichoketi kwa pembe. Mishono haikukutana mahali pamoja; ilitawanywa kuzunguka mraba ule, na kila uzi ukabeba sehemu yake.

Tangu siku ile akaacha kukata matundu ya mviringo.

Namna anavyofanya sasa inaonekana vizuri katika kanzu moja aliyomshonea mwalimu wa madrasa, mtu wa urefu wa sentimita 172 na kifua cha sentimita 100, anayepanda pikipiki karibu kila siku na kuvaa koti juu ya kanzu kwa sababu ya baridi ya milimani. Alitaka shingo yenye darizi ya rangi ya maji ya kahawa juu ya kitambaa cheupe, na mifuko miwili ya ubavuni "inayobeba simu bila kunidondoshea msikitini".

Fundi alimpima urefu kutoka begani, karibu na shingo, hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu: sentimita 136. Kwenye kifua aliongeza 12 za nafasi, akapata 112, akagawa kwa mbili. Kila upande wa badani ukawa na upana wa 56, na kwa akiba ya mshono ya sentimita moja na nusu kila ukingo, alikata 59. Bega la kanzu ya namna hii hushuka chini ya bega la mtu, kwa hiyo mkono hukatwa mfupi kuliko wa shati. Mwalimu alipimwa kutoka katikati ya mgongo hadi kiganjani, ikawa 82. Ukiondoa 28, ambayo ni nusu ya badani, mkono unabaki 54. Wanaoanza hupima mkono kutoka kwenye fupa la bega, kisha hushangaa kanzu inapofunika vidole.

Kitambaa kilikuwa mchanganyiko wa pamba na polista, wenye upana wa mita moja na nusu. Mita 3 zilitosha. Badani iliyokunjwa ilichukua karibu urefu wote kwa upande mmoja, na ukanda uliobaki pembeni ukatoa mikono, taharizi, vikwapa na mifuko. Taharizi nne hupatikana kwa mistatili miwili tu. Kila mstatili una upana wa sentimita 19, na mkasi hupita mshazari kuanzia 3 kutoka pembe moja hadi 3 kutoka pembe ya pili, ng'ambo ya chini, ili kila kipande kiwe na 3 juu na 16 chini. Akiba ya mshono ikishaondoka, juu hubaki ncha na chini hubaki 13. Zizidishe kwa nne, ongeza badani mbili, upate upindo wenye mzunguko wa sentimita 164, ambao fundi anauona unatosha mtu kukaa juu ya pikipiki bila kukunja nguo hadi magotini. Kwa asiyepanda pikipiki hupunguza.

Hapa pana jambo ambalo michoro ya karatasi ilimfunza na ambalo huenda lisionekane dukani. Ukingo wa taharizi uliokatwa mshazari hunyumbuka; ukiuvuta, unarefuka. Ukingo mwingine, unaofuata uzi wa urefu wa kitambaa, haunyumbuki. Katika kanzu zilizoning'inia vibaya ubavuni, alikuta kingo mbili za mshazari zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Yeye huunganisha mshazari na ukingo wa badani, ambao umenyooka na unaushikilia, kisha zile kingo mbili zilizonyooka hukutana katikati ya ubavu.

Kabla ya kushona chochote kati ya hivyo, hukaa na shingo.

Watu wengi hudhani darizi ni pambo la mwisho. Kwake ni kazi ya kwanza, na hufanywa juu ya kipande kisicho na tundu. Huchora umbo la kaba kwenye kitambaa kikubwa kuliko kinavyohitajika: ukanda wa sentimita 4 kuzunguka shingo, na ulimi unaoshuka kifuani wenye upana wa 12 na urefu wa 30. Nyuma yake hubandika gamu kwa pasi, hukiweka kwenye fremu ya mviringo, hushusha meno ya cherehani ili yasisukume kitambaa, na kuanza kukisogeza kwa mikono miwili huku mguu ukikanyaga polepole. Kwa mwalimu alishona mistari mitatu sambamba na kati yake mafundo madogo yanayopokezana. Katikati ya ulimi aliacha njia tupu ya sentimita moja na nusu, ambapo mpasuo utapita.

Mshono wa darizi hukivuta kitambaa. Kadiri ulivyo mzito ndivyo kinavyozidi kurudi, na hakirudi sawasawa: urefu hupungua tofauti na upana. Kipande kikishatoka kwenye fremu, fundi hukilowesha, hukianika, hukipiga pasi upande wa nyuma, na ndipo hukilaza tena juu ya kielelezo cha karatasi. Cha mwalimu kilikuwa kimepungua kama nusu sentimita kwa urefu. Kwa kuwa tundu la shingo lilikuwa halijakatwa, nusu sentimita haikumsumbua mtu. Lingekuwa tayari limekatwa, shingo ingevutwa, na kanzu ya shingo iliyovutwa hujulikana kwa mkunjo mmoja unaotoka kwenye ukosi kuelekea begani, ambao pasi haiuondoi.

Kuhusu uzi, ana msimamo mkali. Uzi wa rayoni unang'aa vizuri zaidi, na wateja huuchagua kwa macho. Lakini kanzu nyeupe hufuliwa kwa dawa ya kung'arisha, na dawa hiyo huula rayoni na kuifubaza rangi yake. Uzi wa polista huvumilia zaidi. Rangi nayo hujaribiwa kabla. Hukata nyuzi chache, huzilowesha, huzibana kati ya vitambaa viwili vyeupe na kuzikandamiza kwa pasi ya moto. Alama yoyote ikibaki kwenye kitambaa, uzi ule haugusi kanzu nyeupe, hata kama mteja ameupenda. Kwa rangi iliyokoza jambo hili lina uzito wa pekee. Waganda, ambao kanzu kwao ni vazi la heshima la watu wa dini zote, hutia shingoni darizi ya rangi ya damu ya mzee wanayoiita omulela, na kanzu za Uganda zilizofika Nyakiriba zikiwa na kifua cha waridi hazikuwa chache.

Kaba hupachikwa badani ingali imetandazwa, kwa sababu baada ya ubavu kufungwa mkono wa fundi haufiki vizuri. Uso wa kaba hulazwa dhidi ya upande wa ndani wa badani. Mshono huzunguka shingo, hushuka upande mmoja wa mpasuo, hupanda upande wa pili. Mistari hiyo miwili ya mpasuo haiishii katika pembe kali kabisa. Chini hupunguza hatua ya mshono hadi milimita moja na nusu hivi na kushona pigo moja la kukingama kabla ya kugeuka na kupanda. Pigo hilo ndilo linalouachia mkasi nafasi ya kufika karibu na uzi bila kuukata, na bila hilo kaba ikigeuzwa hubaki kikunjo mguuni mwa mpasuo. Fundi mwenye haraka hukiondoa kwa kukata ndani zaidi, na hapo ndipo shingo za kanzu alizoletewa zilikuwa zimepasukia. Baada ya kukata, ukingo wa mviringo hutiwa mapengo madogo, kaba hugeuziwa nje, hupigwa pasi, na kingo zake zilizokunjwa ndani hushonewa juu ya badani. Kifungo kimoja na kitanzi humaliza shingo. Shada, ambalo Waomani hulining'iniza kwenye shingo ya dishidasha na kulitia manukato, mwalimu alilikataa. Alisema lingeingia chini ya koti na kumkera.

Kikwapa ni kidogo na kinadai subira kuliko vyote. Kwa mwalimu kilikuwa mraba wa sentimita 15, ambao baada ya mishono hubaki 12 kila upande. Kwanza mkono huunganishwa na badani kwenye sentimita 22 mbele ya kunjo la bega na 22 nyuma yake, na mshono huachwa sentimita moja na nusu kabla ya kufika ukingoni. Fundi hutia nukta ya penseli pale unapoishia. Hutia nukta pia katika pembe nne za mraba, sentimita moja na nusu kutoka kila ukingo. Kazi yote iliyobaki ni kukutanisha nukta.

Pembe moja ya kikwapa huwekwa kwenye nukta ya mbele. Upande mmoja wa mraba hushonwa kufuata ukingo wa chini wa mkono; sindano ikifika kwenye nukta huachwa imezama, mguu wa cherehani huinuliwa, kitambaa hugeuzwa, na upande wa pili hushonwa kushuka kwenye ukingo wa badani. Nyuma hufanywa vilevile. Mraba sasa umekunjika katikati kwa pembe zake na kujaza kona iliyo kati ya mkono na ubavu. Taharizi huanza pale kikwapa kinapoishia, sentimita 34 chini ya bega.

Namna ya kujua kama kimeketi ni kukilaza mezani. Kikwapa kilichoshonwa sawa hulala kama pembetatu tulivu. Uzi ukiwa umepita nukta, hata kwa pigo moja, kitambaa hujibana na kutengeneza kikunjo kinachoelekea kifuani. Hapo hufumua mapigo mawili ya mwisho tu. Uzi ukiwa haujaifikia, hubaki kitundu, na kitundu hicho ndicho mwanzo wa kuchanika. Alimfundisha kijana anayemsaidia kuchomeka pini kwenye nukta kabla ya kugusa kanyagio: pini isipotokea kwenye nukta ya upande wa pili, hakuna kushona.

Kijana alimuuliza kwa nini kisifanywe kikubwa zaidi kama kinasaidia hivyo. Fundi akamvalisha kanzu ya zamani yenye kikwapa cha sentimita 18 na koti juu yake. Kitambaa kilijikusanya chini ya kwapa, na kijana hakuweza kushusha mikono vizuri. Kwa watu wengi aliowashonea, kati ya 10 na 13 ndiyo mahali pake, na kwa avaaye koti huelekea kwenye kidogo. Mwalimu alipewa 12 kwa sababu koti lake ni pana.

Mifuko huingia kabla ubavu haujafungwa. Huwekwa kwenye mshono unaounganisha badani ya mbele na taharizi ya mbele, na mdomo huanza sentimita 50 chini ya bega na kuishia 66. Kumi na sita ni upana ambao kiganja hupita kikiwa kimeshika simu. Tatizo ni kwamba upande mmoja wa mdomo ni ule ukingo wa taharizi uliokatwa mshazari, na mkono ukiingia na kutoka mara nyingi huurefusha mpaka mdomo unaachama. Fundi huushonea nyuma yake utepe mwembamba uliokatwa kufuata uzi wa urefu, unaozidi mdomo sentimita 2 juu na 2 chini. Ncha zote mbili za mdomo hufungwa kwa mshono mfupi wa kwenda na kurudi. Mifuko iliyoning'inia katika kanzu alizoletewa ilikuwa haina utepe wala mshono huo.

Ombi la mwalimu kuhusu msikiti lilimfanya afikirie mfuko akiwa amesujudu. Mtu akisujudu, nyonga huwa juu ya mabega, na kilichomo mfukoni hutelezea upande wa kifua. Ikiwa mfuko unaanza sawa na mdomo, simu hupata njia ya kutoka. Kwa hiyo aliukata mfuko upande juu ya mdomo kwa sentimita 4, kisha ushuke sentimita 12 chini yake, na uingie mbele kwa sentimita 16. Ukingo wake wa mbele aliushikiza kidogo kwenye badani ili usigeuke nyuma. Kitambaa cha mfuko kilikuwa kilekile cheupe cha kanzu. Mafundi wengine hutumia mabaki ya rangi yoyote kwa kuwa ni ndani, na mchana wa jua kila mtu hujua mfuko uko wapi.

Wapo wateja wanaotaka upande mmoja uwe na mfuko na upande wa pili uwe mdomo mtupu, ili mkono upite moja kwa moja hadi mfuko wa suruali. Ni chaguo zuri kwa anayebeba fedha, na huokoa kitambaa, ila mdomo mtupu unahitaji utepe pande zote mbili, maana hakuna mfuko wa kuushikilia.

Baada ya hapo kanzu hufungwa kwa mshono mmoja mrefu kila upande: huanza kiganjani, hufuata chini ya mkono hadi ncha ya kikwapa na kukomea kwenye nukta, halafu huanza tena ncha ya chini na kuteremka ubavuni hadi miguuni. Mishono hulazwa na kushonewa mara ya pili ili kingo mbichi zifichike, kwa sababu nguo nyeupe nyepesi huonyesha nyuzi zinazoning'inia ndani. Sijafu za mikono hukunjwa sentimita 3.

Upindo wa chini haukunjwi siku hiyo. Kanzu hutundikwa usiku kucha, maana taharizi hushuka kidogo kwa uzito wake hata ikiwa imeshonwa vyema. Asubuhi mwalimu aliivaa pamoja na viatu na koti, na kijana akapima kutoka sakafuni kwenda juu, akizunguka na chaki. Ubavu wa kulia ulikuwa umeshuka karibu sentimita moja kuliko upande wa mbele. Ulikatwa, upindo wa sentimita 4 ukakunjwa.

Kabla hajalipa, mwalimu aliambiwa ainue mikono kama anayehirimia sala. Upindo ulipanda vidole viwili, ukashuka tena mahali pake. Akatia simu mfukoni, akasujudu juu ya kapeti la fundi, akainuka, akapapasa ubavu. "Ipo," alisema, kisha akauliza kama kwa kitambaa kizito zaidi, cha msimu wa mvua, vipimo vingebaki hivihivi. Fundi akamwambia kifua kingeongezwa sentimita 2, kikwapa kingebaki kilekile, na darizi ingebidi iwe nyepesi, kwa kuwa kitambaa kizito, gamu na uzi vikikutana shingoni huifanya kaba isimame kifuani badala ya kulala.

Mwalimu akaagiza ya pili, ya kijivu.